Pua Inanusa, Jina Haliji: Utatuzi wa Matatizo ya Kuzoeza Pua Nyumbani

Umepanga chupa nane mezani. Unafungua ya kwanza na kujua kabisa kwamba umewahi kukutana na harufu hii, lakini jina limekwama kwenye ncha ya ulimi. Ya pili unaipata bila shida. Ukifika ya tano zote zinaanza kufanana, unafunga daftari, na unajiambia kwamba pua yako si ya kazi hii. Mimi nilijiambia hivyo kwa muda mrefu, hadi nilipoanza kuandika kila kosa pamoja na jinsi lilivyotokea. Makosa yalikuwa ya aina chache tu, na kila aina ilikuwa na chanzo chake. Machache sana yalitokana na pua.

Mwongozo huu unafuata makosa hayo. Soma dalili inayokuhusu, thibitisha chanzo, kisha rekebisha. Kwanza hakikisha vifaa vyako vinafanana na hivi, maana nusu ya maelezo yanategemea vifaa.

Tumia chupa ndogo za kioo zenye vifuniko vinavyobana, zote za umbo moja. Katika kila chupa weka kiungo kimoja, kwa kiasi kisichozidi robo ya chupa, ili juu yake ibaki nafasi ya hewa ambamo harufu hukusanyika. Seti nzuri ya kuanzia ni karafuu, gome la mdalasini, iliki zilizopasuliwa, pilipili manga iliyovunjwa kidogo, kahawa iliyokaangwa, ganda la vanila, ganda la limau na mchaichai uliokatwakatwa. Jina liandikwe chini ya kitako cha chupa, lisionekane ukiwa umeketi. Viungo vya unga viepuke mwanzoni. Unga huingia puani na kuwasha, na unga wa mdalasini ukivutwa ndani unaweza kuumiza mapafu.

Dalili: baada ya chupa ya tatu, zote zinanukia sawa

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, na chanzo chake ni kuzoea. Pua ikikaa na harufu moja, vipokezi vyake na ubongo hupunguza taarifa za harufu hiyo. Ndiyo maana mtu hasikii harufu ya nyumba yake mwenyewe lakini mgeni huisikia mlangoni. Anayeanza hubandika pua kwenye chupa na kuvuta pumzi ndefu kwa nusu dakika akitafuta jina. Kufikia sekunde ya kumi na tano anatafuta kitu ambacho pua yake imeshaacha kukiripoti.

Kuna jaribio rahisi la kuthibitisha. Rudi kwenye chupa ya kwanza, ile uliyoitambua vizuri. Kama nayo imefifia, chupa hazina tatizo lolote, ni pua iliyozoea. Kama ya kwanza bado ina nguvu na ya tano pekee ndiyo dhaifu, tatizo liko kwenye ya tano, na utalipata chini kwenye sehemu ya chupa zinazobadilika.

Dawa yake ni kunusa kidogo kuliko unavyotaka. Shika chupa umbali wa vidole vitatu kutoka puani, vuta pumzi fupi mbili au tatu kama mbwa anavyofanya, kisha ondoa chupa na ufunge kifuniko. Andika ulichopata wakati chupa iko mbali. Ukihitaji kurudi, subiri kwanza dakika moja ya hewa ya kawaida. Kwa kikao kimoja chupa nne zinatosha, na dakika kumi ni nyingi. Harufu nzito kama karafuu na mdalasini ziweke mwisho, kwa sababu zikitangulia hukaa puani na kufunika limau linalofuata.

Wengine watakushauri unuse kahawa katikati ili kusafisha pua. Mimi nilifanya hivyo kwa miezi, na nilichopata ni harufu nyingine juu ya zile nilizokuwa nazo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2011 lililinganisha kahawa na hewa tupu, na kahawa haikusaidia kuliko hewa. Nusa kiwiko cha ndani cha mkono wako usiopakwa kitu. Pua imeshaizoea ngozi yako, kwa hiyo unairudisha kwenye hali yake ya kawaida bila kuipa kazi mpya.

Dalili: naijua kabisa, lakini jina haliji

Mwaka 1977 Harry Lawless na Trygg Engen walieleza hali hii kitaalamu na kuipa jina linalotokana na ncha ya pua, kwa mfano wa neno linalokwama kwenye ncha ya ulimi. Kuna tofauti moja inayofaa kuijua. Neno likikwama ulimini, mara nyingi unakumbuka herufi lake la kwanza au urefu wake. Jina la harufu likikwama huna hata herufi moja. Unachokuwa nacho ni hisia ya kuijua, pengine na mahali ulipoinusa.

Hivyo chanzo ni kiungo dhaifu kati ya harufu na neno, na kunusa zaidi hakukiimarishi. Kinachosaidia ni kuweka maneno mengine katikati, yawe daraja kati ya pua na jina.

Mimi hutumia ngazi tatu, kwa mpangilio huu. Ya kwanza ni kile ambacho uso unahisi kabla ya kufikiria harufu: baridi, kuchoma, kuwasha, kufa ganzi, au hakuna. Hisia hizi hupitia mshipa mwingine wa fahamu unaohudumia uso, si mishipa ya kunusia, na ndiyo maana mtu aliyepoteza uwezo wa kunusa bado huhisi ubaridi wa mnanaa. Ya pili ni umbo la harufu: nyepesi au nzito, kavu au mbichi, yenye ncha au ya mviringo, inayopanda haraka puani au inayotambaa. Ya tatu ni mfano, na mfano uwe wa kitu mahususi. “Inanukia kama mahali” haitoshi, ila “inanukia kama chumba cha daktari wa meno” inatosha kabisa, na kwa karafuu ni sahihi kuliko unavyodhani. Kemikali kuu ya karafuu, eujenoli, imetumika kwa muda mrefu katika dawa za kuzibia meno.

Hapa lugha yetu inatusaidia na kutunyima kwa wakati mmoja. Inatupa kitendo kizima cha kutenganisha nzuri na mbaya, kunukia na kunuka. Inatupa pia maneno mahususi yasiyohitaji mfano: shombo na vumba kwa samaki, uvundo kwa kinachooza, kikwapa kwa jasho. Lakini ukiyatazama maneno hayo utaona yote yako upande wa kunuka. Upande wa kunukia tunasema “nzuri”, “tamu”, “kali”, halafu tunaishiwa. Si lazima iwe hivyo kwa binadamu. Mwaka 2014 Asifa Majid na Niclas Burenhult walichapisha utafiti kuhusu Wajahai, jamii ya wawindaji wa Rasi ya Malay. Wajahai walitaja harufu kwa urahisi uleule waliotaja rangi, kwa sababu lugha yao ina maneno ya harufu yasiyofungwa kwenye kitu kimoja, na wanayatumia kila siku.

Kwa hiyo ninapiga marufuku maneno matatu kwenye daftari: “nzuri”, “tamu” na “kali”. Tamu ni kazi ya ulimi, nawe hujalamba kitu. Kali ndilo linalodanganya zaidi. Karibu kila anayeanza huandika “kali” kwenye pilipili manga, ilhali kinachochoma ulimi katika pilipili manga, piperini, hakipandi hewani kirahisi. Ukinusa punje zilizovunjwa bila kujua ni nini, utapata kitu kikavu chenye mbao, na juu yake wepesi kidogo wa ganda la tunda chungwa au mti wa msonobari. Neno “kali” lilitoka kwenye kumbukumbu ya chakula.

Jipime hivi. Baada ya wiki mbili, mpe mtu daftari lako na chupa zilizofichwa majina, umwambie atafute chupa inayolingana na maelezo uliyoandika. Kama huna mtu, jifanyie mwenyewe ukiwa umesahau. Maelezo yanayomfikisha kwenye chupa sahihi ni msamiati. Yasiyomfikisha yafute na uandike upya, hata kama yanapendeza kusomwa.

Dalili: nikiiona naitambua, nikifumba macho inapotea

Chanzo ni macho, na yanaiba zaidi ya tunavyokubali. Mwaka 2001 watafiti huko Bordeaux waliwapa wanafunzi wa fani ya mvinyo mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Hao walikuwa watu waliofundishwa. Wewe ukiona vijiti vya mdalasini chupani, pua inapewa jibu kabla ya swali.

Funga kila chupa kwa karatasi au kitambaa, au tumia chupa zisizopitisha mwanga. Changanya mpangilio wa chupa bila kuangalia. Halafu kuna kosa dogo ambalo lilinichukua muda kulibaini: nilikuwa nikitambua chupa ya karafuu kwa mlio wake. Punje ngumu hugonga kioo, ganda la limau halilii. Weka pamba kidogo juu ya kila kiungo ili kisigonge.

Andika jibu kabla ya kugeuza chupa kuona jina, kila mara, hata ukiwa na uhakika. Jibu lililobaki kichwani hubadilika likiona jina lililo sahihi, na utaapa ulilijua.

Dalili: kila mara nachanganya mbili zilezile

Hapa ndipo kuna mengi ya kujifunza, na nitaeleza kisa kimoja chote.

Kwa karibu mwezi mmoja nilichanganya ganda la limau na mchaichai. Kati ya majaribio kumi ya macho kufumbwa, mchaichai niliuita limau mara sita. Nilidhani nahitaji kunusa zaidi, nikanusa zaidi, na makosa yakabaki palepale.

Hatua ya kwanza ni kujiuliza kama pua inatofautisha vitu hivyo viwili hata bila majina. Haya ni maswali mawili tofauti, na tiba zake ni tofauti. Chukua chupa tatu, mbili zenye kitu kimoja na moja yenye kingine. Zichanganye, na kazi yako iwe kutaja ile isiyofanana na wenzake. Rudia mara sita kwa jumla, ukizigawa katika siku mbili au tatu. Ukibahatisha tu utapata kama mbili kati ya sita. Kupata nne bado kunaweza kuwa bahati, kwani kubahatisha hufikisha nne au zaidi kama mara moja katika kila kumi. Ukipata tano au sita, bahati ingekupa matokeo hayo chini ya mara mbili katika mia, kwa hiyo pua inatofautisha.

Mimi nilipata tano. Maana yake pua ilikuwa inaona tofauti ambayo kichwa hakikuwa na neno lake. Kama ungepata mbili au tatu, usiende mbele. Badilisha kwanza mmoja wa wawili hao kwa kitu cha mbali zaidi na urudi baadaye. Jean Carles, mtengenezaji wa manukato aliyeanzisha shule ya manukato huko Grasse, Ufaransa, mwaka 1946, aliwafundisha wanafunzi kwa utaratibu huo: kwanza harufu zinazopingana vikali, halafu zile za familia moja. Anayeanza na ndugu wawili wa tumbo moja anajiadhibu bure.

Hatua ya pili ni kujua kwa nini wanafanana. Kemikali inayofanya limau linukie limau inaitwa sitrali. Katika mafuta ya ganda la limau ni asilimia chache tu, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni limonini, ambayo peke yake ni nyepesi na inaelekea chungwa zaidi kuliko limau. Katika mafuta ya mchaichai, sitrali ni zaidi ya nusu. Kwa hiyo nilipouita mchaichai limau sikuwa nimekosea kunusa. Nilikuwa nimeinusa sitrali kwa usahihi na kuipa jina la mahali nilipokutana nayo kwanza. Jambo hili liliniondolea aibu, na muhimu zaidi, lilinionyesha pa kutafuta tofauti: nje ya sitrali.

Hatua ya tatu ni kutumia muda. Limonini huchemka kwenye nyuzi 176 za Selsiasi, sitrali kwenye 229. Kinachochemka mapema mara nyingi hupaa mapema pia kwenye joto la kawaida. Kata vipande viwili vya karatasi nene isiyo na harufu, vya upana wa kidole kidogo. Kimoja kikamulie ganda la limau bichi kwa kulikunja hadi mafuta yaruke juu yake. Kingine kisugulie jani bichi la mchaichai lililopondwa. Viandike alama kwa penseli, kwa sababu wino una harufu yake. Vinuse mara moja, kisha baada ya dakika kumi, kisha nusu saa, kisha saa mbili.

Yangu yalikwenda hivi. Mwanzoni limau lilikuwa na kitu kama mruko, lilipanda hadi juu ya pua na kukaribia kuwasha, likiwa na umajimaji. Mchaichai ulikuja chini zaidi, mzito, na nyuma yake kulikuwa na jani lililokatwa na chembe ya sabuni. Baada ya dakika kumi mruko wa limau ulikuwa umepungua na wawili hao walikaribiana, na hapo nikaelewa kwa nini chupa zangu zilinichanganya: ganda la limau la chupani lilikuwa na siku tatu, na mruko wake ulikuwa umeshakwenda. Baada ya nusu saa limau lilibaki kama kivuli. Mchaichai ulikuwa bado unaongea. Baada ya saa mbili niliupata mchaichai pekee.

Hatua ya nne ni kuandika alama moja tu ya kutenganisha kwa kila mmoja. Mimi niliandika “mruko” kwa limau na “jani chini” kwa mchaichai. Sikuandika orodha ya sifa nane, kwa sababu puani una sekunde mbili za kuuliza swali moja. Wakati wa kunusa nauliza: kuna jani chini? Kama lipo ni mchaichai. Wiki iliyofuata, kwa maganda mabichi ya siku hiyo, nilikosea mara moja katika kumi.

Jozi nyingine zinazosumbua hutatuliwa kwa njia hiyohiyo. Iliki na jani la mkaratusi zina kemikali moja kubwa ya pamoja, sineoli, ile inayofungua pua kwa ubaridi. Ukikutana na ubaridi huo usilitaje jina bado. Tafuta kilicho chini yake: iliki ina kitu cha mviringo chenye maua, mkaratusi unabaki mkavu kama dawa. Karafuu na mdalasini huchanganywa kwa sababu tumezoea kuzikuta pamoja kwenye chakula kuliko kwa kufanana kwa kemikali. Zinuse kwa siku tofauti kwa wiki moja na mara nyingi huachana zenyewe.

Dalili: jana ilinukia hivi, leo ni kitu kingine

Anza na chupa. Ganda la tunda bichi hupoteza sehemu yake nyepesi ndani ya saa chache, na baada ya siku mbili au tatu huanza chachu au ukungu. Ukipata uchachu kwenye chupa ya limau, usiuandike kama sifa ya limau, tupa ganda. Mimi hukata jipya kila kikao. Mchaichai mbichi nao hubadilika, hivyo ukikausha, anza ukurasa mpya wa maelezo, maana ule mkavu ni harufu nyingine yenye nyasi kavu zaidi. Kahawa iliyokaangwa hufifia haraka ikipata hewa. Karafuu, mdalasini na iliki zikiwa nzima hudumu miezi. Kabla ya kikao zivunje kidogo, kwa kuwa mafuta yamefungwa ndani, na karafuu nzima ya zamani inaweza kuonekana imekufa hadi uibonyeze kwa ukucha.

Chupa yenyewe nayo inaweza kuwa na makosa. Vifuniko vya plastiki hunyonya harufu na kuitunza. Kifuniko kilichowahi kuwa cha karafuu kitaitia karafuu chupa ya vanila kwa wiki nyingi. Jaribu kwa kunusa kifuniko kitupu peke yake.

Kama chupa ni nzima, ndipo uangalie pua. Tundu moja la pua huwa wazi zaidi kuliko lingine, na zamu hubadilika kila baada ya saa chache. Nusa kila tundu peke yake. Ukiona tofauti kubwa, tumia lililo wazi na uandike. Mafua, vumbi na hewa kavu sana hubadilisha matokeo, na siku ya mafua usifanye jaribio lolote unalotaka kulihesabu. Saa nayo ihesabu: panga vikao kabla ya chakula, na usiwe umepaka manukato wala kunawa kwa sabuni yenye harufu kali. Nilipoteza vikao viwili nikidhani vanila yangu imeharibika, kumbe ilikuwa sabuni ya mikononi mwangu.

Dalili: chupa moja hainukii kabisa, nyingine zote ni sawa

Mpe mtu mwingine anuse kwanza. Kama naye hapati kitu, chupa imekufa. Kama anaipata kwa nguvu nawe huna kitu kwa siku tatu tofauti, huenda una upofu wa harufu hiyo moja. Ni jambo la kawaida na la kurithi. Mfano unaofahamika vizuri ni beta-ayononi, kemikali yenye harufu ya ua la violeti. Wanaoipata na wasioipata hutofautiana hasa kwa jeni moja la kipokezi liitwalo OR5A1. Baadhi ya kemikali za miski nazo hazisikiki kabisa kwa watu fulani. Andika pengo hilo ukurasa wa kwanza wa daftari, ili usipoteze muda kulitafuta, na endelea na nyingine. Kwa baadhi ya harufu, watu waliokuwa hawazipati walianza kuzipata baada ya kuzinusa kila siku kwa wiki kadhaa, kwa hiyo inafaa kujaribu tena mara moja moja bila kujibana.

Majani ya giligilani ni suala jingine. Wapo wanaopata sabuni hapo ambapo wengine wanapata mboga mbichi, na tofauti hiyo pia ina mchango wa urithi. Andika unachopata wewe.

Lakini kama zote zimefifia kwa pamoja, au karafuu imegeuka kuwa kitu cha kuungua au uvundo, acha mazoezi haya na umwone daktari. Kuna mazoezi ya tiba yaliyochapishwa na Thomas Hummel na wenzake huko Dresden mwaka 2009, yanayotumia harufu nne, waridi, mkaratusi, limau na karafuu, mara mbili kwa siku kwa wiki 12. Lengo lake ni kurudisha uwezo wa kunusa. Hayakusudiwi kujenga msamiati, na usiyachanganye na vikao vya kujipima. Hadi upone, usiitegemee pua kukuonya juu ya gesi, moshi au chakula kilichoharibika.

Dalili: peke yake naitambua, kwenye mchanganyiko inapotea

Kabla ya kujilaumu, jua mpaka wa kazi. Majaribio ya David Laing na G. W. Francis mwaka 1989 yalionyesha kwamba watu, hata waliofundishwa, wakipewa mchanganyiko wa harufu kadhaa hutambua kwa uhakika tatu au nne tu. Anayekuambia anasikia harufu kumi na mbili kwenye manukato amesoma orodha.

Ongeza kimoja kimoja. Shika karafuu na limau pamoja chini ya pua na utafute kila mmoja kwa zamu, ukitumia ile alama moja uliyoiandika. Ukiweza, sogeza karafuu mbali hadi ifikie umbali ambao limau linaanza kuishinda, na upime kwa vidole. Umbali huo utakuonyesha ni ipi inayofunika nyingine na kwa kiasi gani. Kwangu karafuu inahitaji kuwa mbali karibu mara tatu kuliko limau ili zilingane.

Zikilingana, mwombe mtu aondoe moja bila kukuambia ipi, nawe utaje iliyobaki na iliyoondoka. Iliyoondoka ndiyo ngumu. Ukiipata mara tano katika sita, ongeza ya tatu, na iwe ya familia ya mbali: kahawa, au vanila. Usiongeze mchaichai bado, limau litajificha ndani yake.